y22 si hoe: kosa lililonirudisha kwenye chumba cha mtihani

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa pili aliniandikia: "Kaka, nimefuata hatua zote, lakini ukuzaji wangu wa volteji unatoka 364 na jibu la mwalimu ni 400. Nimekosea wapi?"

Sikuhitaji kuiona karatasi yake. Hiyo 364 naijua, maana niliiandika mimi mwenyewe kwenye mtihani, nikapigwa mstari mwekundu kurasa nzima bila neno hata moja la maelezo, na likizo yangu ikaishia kwenye mtihani wa marudio. Nikiukumbuka ule mstari bado roho inaniuma. Mtu akikosea, mwonyeshe alipokosea.

Swali lenyewe ni hili la siku zote. Transista imeungwa emita ya pamoja, hie = 1100 Ω, hre = 2.5 × 10⁻⁴, hfe = 50, hoe = 25 µS, na mzigo RL ni 10 kΩ. Geuza parameta h ziwe parameta y, kisha tafuta ukuzaji.

Anza kwa kuandika milinganyo yote miwili ya h, na mikondo yote miwili ichukuliwe kuwa inaingia kwenye saketi:

```
V1 = hie·I1 + hre·V2
I2 = hfe·I1 + hoe·V2
```

Parameta y zinataka mikondo iwe upande wa kushoto na volteji upande wa kulia. Kwa hiyo toa I1 kwenye mstari wa kwanza, uipachike kwenye wa pili. Tatu zinatoka bila shida: y11 = 1/hie = 909 µS, y12 = −hre/hie = −0.227 µS, y21 = hfe/hie = 45.45 mS. Hapo ndipo tulipochoka, mimi na huyu kijana. Tuliona hoe iko kwenye simensi, y22 nayo iko kwenye simensi, zote mbili zinaitwa admitansi ya upande wa kutokea, basi tukainakili: 25 µS.

Sasa tazama zinavyopimwa. hoe inapimwa mlango wa kuingilia ukiwa wazi kwa mawimbi ya AC, yaani I1 = 0. y22 inapimwa mlango huohuo ukiwa umepigwa shoti, yaani V1 = 0. (Shoti hiyo ni ya AC tu, kwa kapasita kubwa, ili mkondo wa DC unaoiamsha transista usiguswe.) Weka volti 1 kwenye kolekta. Mlango wa mbele ukiwa wazi, kolekta inachukua 25 µA na habari imeisha. Ukiupiga shoti, ile hre inarudisha volti 0.00025 mbele, na kwa kuwa sasa kuna njia, mkondo wa bezi unakuwa −0.00025/1100, yaani −0.227 µA. Transista inauzidisha mara 50, unapata −11.36 µA. Kolekta inabaki na 25 − 11.36 = 13.64 µA. Kwa hiyo y22 = hoe − hre·hfe/hie = 13.64 µS, karibu nusu ya tuliyonakili.

Malizia sasa. Mzigo una 1/RL = 100 µS:

```
Av = −y21 / (y22 + 1/RL)
   = −45450 / (13.64 + 100) = −400
```

Ukiweka 25 mahali pa 13.64, inatoka −364. Ndiyo ile ile.

Mdogo wangu, usiniamini mimi, hakiki kwa njia ya h. Ukuzaji wa mkondo ni hfe/(1 + hoe·RL) = 50/1.25 = 40. Kwa hiyo V2 = −400000·I1. Ukinzani wa kuingilia ni 1100 − 2.5 × 10⁻⁴ × 400000 = 1000 Ω. Gawanya: −400. Na kwa y, y11 + y12·Av = 909 + 91 = 1000 µS, ambayo ni 1000 Ω ile ile. Njia mbili zikigongana, basi kuna ulichonakili badala ya kukikokotoa. Hakiki hiyo inakula dakika tatu. Mimi sikuzitoa, nikalipa likizo nzima.

Kijana akauliza tena: mbona mazoezi ya nyuma yalikuwa yanatoka sawa? Kwa sababu mzigo ulikuwa 1 kΩ. Hapo jibu kamili ni −44.8, la kunakili ni −44.3, na ukikadiria huoni kitu. Desturi ya vitabu ni kuruhusu kuitupa hre na hoe pale tu hoe·RL inapokuwa chini ya 0.1. Kwa 1 kΩ ni 0.025. Kwa 10 kΩ ni 0.25, na ruhusa hiyo haipo tena.