Kupigwa tochi na kwenda mahakamani: yangu ya Igurusi

"Wakuu, nimepigwa tochi 50 hapa barabara ya Mbeya, naonyeshwa picha kwenye simu ya trafiki, mimi najua nilishatoka kwenye kibao. Nimekataa kulipa. Nikipelekwa mahakamani nijibuje, na kuna aliyewahi kushinda?"

Mkuu, mimi nilishinda, ila sikiliza vizuri maana kesi yenyewe inaamuliwa na vitu viwili vitatu tu.

Nilikuwa natoka Makambako na IST, nimeshapita Igurusi narudi Mbeya, nikasimamishwa mbele kabisa, afande ananionyesha picha iliyotumwa WhatsApp na mwenzake, 74 kwenye 50. Nikaitazama ile picha kwa utulivu, nyuma ya gari yangu zinaonekana kingo za kalavati zimepakwa chokaa. Lile kalavati nalijua, lipo baada ya kibao cha kumaliza 50, na kwa gari ndogo ukishakipita hicho kibao 74 siyo kosa. Nikamwambia kwa heshima, afande kosa silikubali, naomba twende mahakamani. Ukilipa ile elfu 30 umekubali kosa, yaani habari imeishia hapo, kwahiyo usilipe halafu ukaanza kulalamika.

Kabla sijafika nyumbani niligeuza gari nikarudi pale. Nikapiga picha kibao na kalavati vikiwa kwenye picha moja, nikapiga kwa upande wa pili, nikaomba futi kamba kwa fundi mmoja tukapima, kutoka kibao mpaka kalavati mita 64. Dada anayeuza mchele pale pembeni akakubali kuja kusema kibao kipo siku zote hapo, maana vibao huwa vinaanguka au vinahamishwa, ukirudi baada ya wiki mbili picha yako haina nguvu. Na simu iliyopiga usiiuze wala usifute kitu, tangu ile sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 picha ya simu inapokelewa, ila lazima ueleze nani kapiga, lini, kwa simu gani, na imechapishwaje.

Sasa kwenye kujibu shtaka ndio watu wengi wanaumia. Unasomewa, unaulizwa ni kweli au si kweli. Jibu ni "si kweli", basi. Mtu anasema "ni kweli mheshimiwa lakini kibao kilikuwa...", hilo lakini lako linaweza lisiandikwe vile ulivyomaanisha. Kisheria jibu la namna hiyo hakimu anatakiwa aandike umekana, lakini usijiweke huko, kwasababu ukitiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu, kosa lenyewe huligusi kirahisi. Ikitokea umeteleza, baada ya hapo unasomewa maelezo ya kosa na kuulizwa tena, kanusha hapo hapo.

Nikapewa dhamana, kesi ikaanza. Shahidi wa kwanza ni yule aliyenisimamisha. Swali langu lilikuwa moja, wewe mwenyewe uliiona gari yangu ikipimwa? Akasema hapana, nilitumiwa. Alipotaka kuitoa picha kama kielelezo nikapinga palepale kwamba siyo yeye aliyeipiga, hakimu akakubaliana na mimi. Pingamizi linatolewa kabla kielelezo hakijapokelewa mkuu, kikishaingia umechelewa. Tarehe iliyofuata wakamleta mwenye tochi, picha ikapokelewa kupitia yeye, na mimi wala sikupinga kwasababu ile picha ilikuwa inanisaidia! Nikamuuliza hizi nyeupe nyuma ya gari ni nini, akasema kalavati. Kibao cha kumaliza 50 kiko kabla au baada ya kalavati ukitokea Igurusi? Akakaa kimya, halafu akasema hakumbuki.

Nikajitetea kwa kiapo, nikatoa picha zangu, dada wa mchele akaongea dakika tano. Nikaachiwa huru, upande wa mashtaka hawakuthibitisha kuwa gari ilikuwa ndani ya eneo la 50.

Ila nikwambie ukweli, nilienda mahakamani mara 5, nauli na siku za kazi zilipita elfu 30 mbali sana. Kama picha inaonyesha uko katikati ya vibao, lipa. Rafiki yangu wa Mafinga alikomaa bila ushahidi wowote zaidi ya neno lake, akatiwa hatiani na kupigwa faini. Mwingine mashahidi hawakutokea, mashtaka yakaondolewa kabla hajajitetea, akafurahi akijua kashinda, kumbe kuondolewa namna hiyo wanaweza kukushtaki tena, kwahiyo vielelezo vyako vitunze. Na usikose tarehe hata moja, ukikosa bila taarifa inatoka hati ya kukamatwa.

Picha ya tochi uliyoonyeshwa, nyuma ya gari yako kulikuwa na nini? Mti, nguzo, duka, chochote. Kama unakumbuka nenda leo kabla jua halijazama ukapige na kibao kwenye fremu moja.