Jedwali la mikataba ya ofisi: weka tarehe, usinakili vifungu

"Nina mikataba 11 ya upangaji wa ofisi. Meneja wa majengo anataka jedwali moja: kodi inapandaje, tunaweza kutoka lini, nani anakarabati nini. Nianzie wapi?"

Anza na haki ya kutoka mapema, maana ndiko watu wanakoumia. Usinakili "mwisho wa mwaka wa 3, kwa notisi ya miezi 6"; igeuze iwe tarehe. Mkataba ulioanza 1 Aprili 2024 unamaliza mwaka wa 3 tarehe 31 Machi 2027, kwa hiyo notisi iwe imeshamfikia mwenye jengo ifikapo 30 Septemba 2026. Mimi huweka wiki mbili kabla ya hapo. Safu ya pembeni iwe ya masharti: mikataba mingine inakunyima haki hiyo ukiwa na deni la kodi, hata dogo.

Kwenye kodi, asilimia peke yake haitoshi. Kodi ya 1,000 ikipanda 5% kila mwaka juu ya ile iliyotangulia, mwaka wa 3 ni 1,102.50; ikihesabiwa juu ya kodi ya kwanza, ni 1,100. Andika msingi wa hesabu.

Ukarabati ugawe kwa kitu: paa, lifti, viyoyozi, mabomba. Mkataba usiposema, andika "kimya", usikisie. Kila kisanduku kiwe na namba ya kifungu, na kabla hujafunga faili omba barua za nyongeza. Niliwahi kujaza jedwali zima, kumbe barua ya kurasa mbili ilikuwa imeshafuta haki ya kutoka.