Barua mbili kwa mzee mmoja

Kikundi chetu cha mafundi wa mitandao hukutana Mji wa Kale mara moja kwa mwezi, Jumamosi baada ya Alasiri. Tukija wengi ni watu 25. Mwaka jana tulimtaka mhandisi mstaafu wa kebo za baharini, mzee anayeheshimika sana kwenye fani hii, aje atuzungumzie. Barua nikaandika mimi.

Ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Aya mbili za sifa, kisha nikamwomba atuzungumzie "masuala ya intaneti na maendeleo". Tarehe sikuweka, nikidhani nampa uhuru wa kuchagua. Idadi ya watu nikaifunika kwa maneno "hadhira yetu". Wiki ya pili akanipigia: "Mwanangu, nimeisoma mara mbili. Mwataka nije nisemeni?"

Nikaandika upya. Baada ya shikamoo na jina la kikundi, nikaenda moja kwa moja:

"Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah. Tunajua kuunganisha nyaya za ofisini, lakini hatujui hili: kebo ikikatika chini ya bahari, mnatambuaje imekatikia wapi, na meli ya matengenezo inaipandishaje? Tunaomba utueleze hayo kwa dakika 40, kisha tukuulize maswali kwa dakika 20."

Swali hilo ndilo lililofanya kazi. Mtu aliyeifanya kazi miaka mingi hahitaji kutayarisha hotuba ili alijibu. Akilisoma tu, majibu yanaanza kumjia kichwani. "Maendeleo ya intaneti" lingemgharimu siku tatu za kufikiria aanzie wapi.

Yaliyobaki yalikuwa ya kumrahisishia safari. Nilimwandikia Jumamosi mbili achague, na saa: kuanzia kumi na nusu hadi kumi na moja na nusu, tumalize kabla ya Magharibi. Yeye anakaa Likoni, na foleni ya feri sote twaijua, kwa hiyo nikamwambia kijana wetu atamfuata nyumbani na kumrudisha. Pesa nilizitaja wazi: hatuna bahasha, ila usafiri na chakula ni juu yetu. Wengi huona haya kuandika sentensi hiyo, mgeni akabaki kukisia, na mzee wa heshima hawezi kuuliza. Idadi niliandika ileile, watu 20 hadi 25, wengi vijana. (Nilichelea angetudharau. Baadaye alisema ndiyo iliyompendeza, kwani angeweza kupitisha kipande cha kebo mkono kwa mkono.)

Mwisho nikaweka: "Ikiwa ratiba haikuruhusu, tutaelewa kabisa. Nitakupigia Alhamisi jioni kupata jibu." Hapo mzigo wa kukumbuka ukawa wangu.

Sikungoja Alhamisi. Alipiga siku ya tatu. Atakuja, ila projekta hataki, tumtafutie ubao na chaki. Na kahawa iwe chungu.