Re: Herufi za majina au cheo kwenye ripoti?

"Ripoti yangu ya upungufu wa uzito ghalani itasomwa na watumishi wote. Nitumie herufi za majina au cheo?"

Ndugu yangu, kwanza hesabu wenye cheo hicho. Wapakuzi wakiwa 20, "mpakuzi mmoja" anafichika. Mtunza ghala akiwa peke yake, cheo ni jina lake kabisa.

Herufi ndizo zinazoniogopesha zaidi. Msimu mmoja wa korosho hapa Mtwara niliandika "H.S., mpima uzito, zamu ya usiku." Kufika saa ya chai kila mtu alishamjua, kwa kuwa orodha ya zamu ilibandikwa ukutani. Yule kijana aliumia sana, na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naandika "Mtumishi A", herufi isiyohusiana na jina, na naitumia hiyohiyo hadi mwisho ili msomaji asipotee. Zamu na tarehe naziondoa pale zisipohitajika. Kwa mwenye cheo cha pekee naeleza kazi yenyewe: "mizani haikukaguliwa kabla ya kupima." Orodha ya majina kamili anabaki nayo msimamizi, kwenye faili tofauti.

Kabla hujaisambaza, mpe mtumishi mmoja unayemwamini asome akisie nani ni nani. Akipatia, punguza tena maelezo.