Dakika tatu mbele ya jopo: somo kutoka ghala la korosho

Mdogo wangu uliyeajiriwa juzi kama mtunza ghala msaidizi, siku moja barua itakujia ikikuita kwenye usaili wa kupanda cheo. Utadamka alfajiri kuwahi basi la kutoka Masasi, ushuke Mtwara mjini, uketi kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano na bahasha mkononi. Ukiitwa ndani, jambo la kwanza utakaloambiwa ni hili: "Jitambulishe, utueleze uliyofanya na kwa nini unaona unafaa. Una dakika tatu." Nimekaa kwenye kiti hicho mara mbili. Mara ya kwanza niliangushwa, na ninajua hasa niliangukia wapi.

Mara ile nilianza kwa kutaja nilikozaliwa, shule ya msingi, sekondari, na cheti changu. Nikasema mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Dakika nzima ikapita, na wajumbe walikuwa na faili langu mbele yao lenye hayo yote. Hilo lingesameheka. Kilichoniangusha ni mafanikio niliyoyataja kwa kujiamini sana, kuhusu shoti, yaani uzito unaopungua kati ya kupokea mzigo na kuupakia: "Msimu uliopita nilipunguza shoti ya uzito ghalani kutoka tani 6.1 hadi tani 2.4." Mhasibu aliyekuwa upande wa kushoto akainua kichwa akauliza, "Korosho zilipokewa zikiwa na unyevu asilimia ngapi kila msimu?" Nikasema sikumbuki. Akaandika kitu, akaweka kalamu chini. Kuanzia hapo niliulizwa maswali ya heshima tu, na niliporudi Masasi nilikuwa nimeshajua.

Kwa aliyeingia kazini karibuni, swali lile linahitaji kuelezwa. Korosho ghafi zinapoletwa na chama cha msingi huwa na maji ndani yake, na zinaendelea kukauka zikiwa kwenye chaga zikisubiri mnada na malori. Uzito unaopungua kwa kukauka hakuna aliyeuiba wala aliyeumwaga. Ni maji yameondoka. Korosho zinazoletwa mwanzoni mwa msimu, kabla mvua za kusini hazijashika, huwa kavu kuliko zinazoletwa Desemba baada ya kulala kwenye ua uliolowa. Kwa hiyo shoti ya msimu mmoja inaweza kuwa ndogo kuliko ya msimu mwingine na wewe hujafanya lolote.

Niliporudi nilifungua daftari la kipima unyevu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya usaili. Msimu wa kwanza tulipokea tani 200 kwa wastani wa unyevu wa asilimia 11. Maana yake maji yalikuwa tani 22, na korosho yenyewe bila maji tani 178. Tulipopakia, unyevu ulikuwa asilimia 9. Zile tani 178 hazikubadilika, ila sasa ndizo asilimia 91 ya mzigo, kwa hiyo unagawa 178 kwa 0.91 unapata tani 195.6. Tani 4.4 zilikuwa maji. Kati ya shoti ya tani 6.1, zisizo na maelezo zilikuwa tani 1.7 tu.

Msimu wa pili tulipokea tani 180 kwa unyevu wa asilimia 10, tukapakia kwa asilimia 9. Ukifuata njia ileile, korosho isiyo na maji ni tani 162, na mzigo uliotarajiwa ni tani 178. Kukauka kulichukua karibu tani 2, shoti ilikuwa tani 2.4, na zisizo na maelezo zilikuwa tani 0.4.

Tazama kilichotokea. Mbele ya jopo nilijisifu kwa tani 3.7, na kati ya hizo tani 2.4 zilikuwa za hali ya hewa. Kazi yangu halisi ilikuwa kushusha shoti isiyoelezeka kutoka kilo 1,700 hadi kilo 400. Ni namba ndogo zaidi, lakini ndiyo yangu, na hakuna mhasibu atakayeitikisa. Ukiigawa kwa gunia la kilo 80 unaona vizuri zaidi: kutoka magunia 21 hadi magunia 5. Tangu siku ile, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba nimefanikisha jambo, huwa najiuliza: kama ningekuwa nimelala msimu mzima, namba hii ingebadilika kiasi gani? Kinachobaki baada ya kuondoa hicho ndicho cha kupeleka mbele ya jopo.

Halafu jopo litataka kujua ulifanyaje, na hapa ndipo wengi wetu wa huku tunaponzwa na adabu. Tumelelewa kwamba kusema "nilifanya" ni majivuno, kwa hiyo tunasema "tulirekebisha mizani", "tulisimamia mapokezi", "tulipunguza hasara". Mjumbe anayekusikiliza hajui ndani ya hiyo "tu-" wewe ulikuwa wapi. Pengine ulikuwa unashika tochi. Nilichojifunza ni kuzigawa nafsi mbili kwa ukweli: kilichofanywa na wengi kiseme kwa "tu-" na uwataje, lakini ulichoamua au ulichogundua wewe, kiseme kwa "ni-" bila kuinamisha kichwa.

Kwangu mimi jambo lenyewe lilikuwa mizani ya kupokelea. Niliona malori yanapopimwa kwenye mizani ya magari wakati wa kutoka, uzito ulikuwa unapungua hata kwa mzigo uliokaa siku mbili tu, ambao haukuwa na muda wa kukauka. Nikaweka mawe ya kupimia ya kilo 80 juu ya mizani ya kupokelea, ikasoma 80.4. Gramu 400 zinaonekana si kitu, lakini tani 200 ni magunia 2,500, na mara 2,500 zinakuwa kilo 1,000. Ghala lilikuwa linapokea kwenye karatasi tani nzima isiyokuwepo, kisha linatafuta mwizi. Nilimwarifu msimamizi, mizani ikaitiwa fundi na Wakala wa Vipimo wakaihakiki upya. Mimi nikaanzisha utaratibu wa kuipima kwa mawe kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, na kuandika kipimo daftarini. Vibarua nao walikubali kushona magunia yaliyochanika palepale na kupima korosho za kufagia badala ya kuziacha hadi mwisho wa msimu.

Msimu uliofuata nafasi ilitangazwa tena. Nimeutunza utambulisho niliousema siku hiyo. Kwa mwendo wangu wa kuongea, maneno yake yalinichukua chini ya dakika tatu, na nilibakiza nafasi ya kupumua:

"Mwenyekiti na wajumbe, asubuhi njema. Mimi ni mtunza ghala msaidizi wa Masasi, ninaomba nafasi ya msimamizi wa ghala. Kazi yangu ya sasa ni mapokezi na upimaji, kutoka gunia linaposhuka hadi linapopangwa kwenye chaga.

"Ningependa kueleza jambo moja. Misimu miwili ya nyuma ghala letu lilikuwa na shoti ya kilo 1,700 baada ya kuondoa uzito wa kukauka. Niligundua kwamba mizani ya kupokelea ilizidisha gramu 400 kwa kila gunia, na hiyo peke yake ilikuwa kama kilo 1,000. Nilitoa taarifa, mizani ikarekebishwa, na nikaanzisha upimaji wa mawe kila asubuhi. Vibarua wetu walishirikiana nami kudhibiti magunia yaliyochanika. Msimu uliofuata shoti hiyo ilikuwa kilo 400. Daftari ninalo hapa.

"Kuhusu nafasi ninayoomba: msimu huu nilikaimu wiki tatu msimamizi alipokuwa likizo. Nililinganisha mzigo na stakabadhi za ghala kabla ya minada miwili, nikapanga zamu za vibarua, na nikazuia lori moja kupakia kwa sababu hati yake ya kutolea mzigo ilitaja idadi tofauti ya magunia. Lilichelewa siku moja, hati ikarekebishwa, likaondoka.

"Jambo ambalo sijawahi kulifanya ni kuandaa bajeti ya ghala. Nimeomba kukaa na msimamizi anapoandaa ya msimu ujao, na amekubali. Asanteni."

Utaona sikutaja shule hata moja. Utaona pia kuhusu cheo cha juu sikusema "niko tayari" mahali popote. Kujitangaza kuwa tayari hakumsaidii mjumbe, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti kile amejitangaza hivyohivyo. Kinachomsaidia ni kuona kipande cha kazi ya juu ambacho tayari kimepita mikononi mwako, hata kama ni wiki tatu. Na kipande hicho kiwe na uamuzi ndani yake. Lori lile nimelitaja kwa makusudi: kuzuia lori wakati dereva analalamika na mnunuzi anapiga simu ni kazi ya msimamizi, wakati kupima gunia ni kazi ya msaidizi. Kama hujawahi kukaimu, tafuta siku ambayo uliamua jambo na ukabeba lawama yake.

Kuhusu kutaja upungufu wako, najua wapo watakaokushauri uunyamazie. Mimi naona utaje mmoja, uliokuwa wa kweli, na ambao si moyo wa kazi unayoiomba. Bajeti ya ghala letu huandaliwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kujifunza akiwa kazini. Ningekuwa sijui kulinganisha stakabadhi na mzigo uliopo, nisingeomba nafasi ile kabisa, maana stakabadhi isiyo na korosho nyuma yake ni fedha ya mkulima iliyopotea. Na usiseme upungufu bila hatua uliyokwisha kuichukua. "Nitajifunza" ni maneno ya watu wote.

Andaa pia maswali yatakayofuata, kwa sababu kila namba unayoitaja ni mlango umeufungua mwenyewe. Ukisema kilo 400, ujue nazo zilikwenda wapi, au ujue kusema kwamba hukuzifuatilia hadi mwisho. Mimi niliulizwa hilohilo. Mhasibu yuleyule, kiti kilekile cha kushoto, aliuliza: "Hizo 400 zilizobaki?" Nikamjibu kwamba kipima unyevu chetu kinatofautiana kidogo kati ya sampuli moja na nyingine, na kwa mzigo wa tani 180 kosa dogo tu la unyevu linatosha kuzaa kilo hizo, kwa hiyo siwezi kudai ni wizi wala kudai si wizi. Akaomba daftari. Nikalisukuma mezani likiwa limefunguliwa ukurasa wa vipimo vya asubuhi, akapitisha kidole kwenye safu ya mawe ya kilo 80, siku baada ya siku, kisha akampa mwenyekiti.