Mtihani wa umahiri wa Kiarabu: usikilizaji ndio unaotuangusha

Ndugu yangu uliyepitia chuoni tangu mdogo, kisha ukasoma nahau na sarfu skuli au kwa sheikh, hapa Unguja au kule Pemba: ukijiandikisha mtihani wa umahiri, usikimbilie nahau kwanza. Mitihani inayofuata ngazi za A1 hadi C2 hupima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na nahau mara nyingi hupimwa humo humo ndani.

Tuseme stadi nne zina uzito sawa, nawe una 90 kusoma, 60 kuandika, 50 kuzungumza na 40 kusikiliza. Wastani ni 60. Ukipandisha kusoma hadi 95, wastani unasogea kwa alama moja na robo tu. Ukipandisha kusikiliza hadi 60, unapanda kwa 5. Na pale ambapo kila stadi inapewa ngazi yake, kusoma hakuibebi kusikiliza hata kidogo, kwa hiyo soma kanuni za mtihani wako mapema.

Kwa nini kusikiliza kutushinde sisi tunaosikia Kiarabu kila siku? Tumezoea maandishi yenye irabu na kisomo cha taratibu. Msomaji wa habari huunganisha maneno, huacha irabu za mwisho anapotua, wala harudii.

Nambari na saa ndizo hasa zinazotutega. Umesikia: "Tughaadirul-haafila fis-saa'atil-khaamisati illaa rub'an." Majibu ni 4:45, 5:15 na 5:45. Aliyeshika "khaamisa" na "rub'" tu atachagua 5:15, kwa sababu "illaa" imempita. Mwingine ameelewa vizuri, lakini anaigeuza kuwa saa kumi na moja kasorobo, kama tunavyohesabu sisi, halafu anatafuta 10:45 isiyokuwepo, na swali la pili linaanza yeye bado anahesabu. Jibu ni 4:45. Jizoeze kuandika saa kama ilivyosemwa, bila kuigeuza. Fanya hivyo pia kwa nambari kama "khamsa wa arba'iin", ambapo 5 inatangulia 40: acha nafasi ya makumi, andika 5, kisha rudi uweke 4 mbele yake.

Kwa mazoezi ya kila siku, chukua habari ya dakika mbili yenye maandishi yake. Tovuti ya Aljazeera ya kufundishia Kiarabu inazo. Sikiliza mara mbili bila kutazama, andika ulichoshika, ndipo ulinganishe. Maneno yaliyokupita yagawe mafungu mawili: usiyoyajua kabisa, na unayoyajua ukiyaona lakini hukuyasikia. Fungu la pili likiwa kubwa, kuongeza msamiati hakutakusaidia sana kwa sasa. Irudie sentensi ile ile, uitamke pamoja na msomaji kwa kasi yake, mpaka uyasikie maneno hayo bila kutazama karatasi. Zoezi hilo linaulainisha na ulimi kwa sehemu ya kuzungumza.

Kwenye kuandika, angalia zaidi kiti cha hamza. Wengi wetu tunaitamka sawasawa, tukaiweka juu ya alifu palipotakiwa wau au yaa.