Bebi shawa ya mama wa kwanza: namna ya kutaja zawadi bila kuoneana haya

Orodha ya wageni ianzie ukweni. Mdogo wangu alipofikisha miezi saba ya mimba yake ya kwanza, nilimpigia simu mama mkwe wake Kasulu kabla sijafungua grupu la wasapu. Mkwe aliyeulizwa tarehe huja kama mwenyeji. Aliyekuta tangazo grupuni huja kununa. Baada yake wakafuata mawifi, mashangazi na marafiki wa karibu, hadi ua wetu wa Mwanga ukatosha. Rafiki mmoja alikuwa amepoteza ujauzito muda si mrefu. Huyo nilimpigia faragha: ukija tutafurahi, usipokuja hakuna atakayeuliza.

Zawadi ndizo zinazotia watu haya. Ukinyamaza, utapokea mabeseni manne na rundo la nguo za kichanga ambazo mtoto atazivaa wiki chache tu. Ukitaja vibaya, watu watasema mnachangisha. Kwanza, anayeandika asiwe mama mtarajiwa wala mama yake mzazi. Kwetu aliandika shangazi. Ujumbe wake ulikuwa huu:

“Ndugu zangu, karibuni Jumamosi saa tisa alasiri tumpongeze binti yetu. Kuja kwenu na dua zenu zinatosha. Kwa wanaoniuliza wabebe nini, bado hatujapata sabuni ya kufulia, nepi za kitambaa, nguo za miezi mitatu hadi sita, chandarua chenye dawa na beseni la kuogea. Ukichagua kimoja, nidokeze mimi peke yangu tusirudie.”

Angalia mpangilio: sabuni imetangulia, ili mwenye kidogo ajione ana nafasi. Bei hazikutajwa, na majibu yalikwenda kwa mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyepimwa na mwenzake. Beseni walilinunua mawifi wawili kwa kushirikiana. Chupa na maziwa ya kopo hatukuyaandika kabisa, maana miezi 6 ya kwanza mtoto hunyonya maziwa ya mama tu.

Michezo miwili inatosha. Tulipanga vitu vya begi la kujifungulia kwenye sinia, watu wakavitazama kidogo, tukavifunika kwa kanga, kila mmoja akaandika anavyokumbuka. Mama mtarajiwa naye akajua begi lake linakosa nini. Kisha mashindano ya kumfunga mwanasesere mgongoni, ambayo mama mkwe aliwashinda wasichana wote. Ule wa kukisia ukubwa wa tumbo kwa utepe mimi siupendi. Mwenye tumbo hucheka kwa kulazimika.

Zawadi hatukuzifungua mbele ya watu. Bibi naye hakutaka vitu vya mtoto viingie chumbani kabla hajazaliwa, basi vyote vikalala kwa shangazi. Tulichobishania ni begi tu: kanga safi, pamba na nguo za kwanza zilibaki kwa mdogo wangu, kwa kuwa uchungu unaweza kuanza usiku na shangazi anakaa Ujiji.